Jinsi ya Kuichinja Barua ya Wiki Bila Kumwaga Damu ya Mwenyekiti

Mwongozo huu ni wa makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika. Ni wa wale wanaoandika barua ya wiki kwa wanachama wakati wa msimu wa ufuta, kisha Jumamosi wanashangaa kuona nusu ya wanachama hawakutokea mnadani. Nimeuandika nikiifikiria Likawage, kata ya bara katika Wilaya ya Kilwa, ambako ufuta ndio ada ya shule na ndio bati la nyumba. Katibu wa chama cha korosho Mtama au cha kahawa Mbinga anaweza kuuazima pia, maana barua ndefu zote ni ndugu wa baba mmoja.

Kazi ya kwanza ni kumsikiliza msomaji wako akisomewa. Barua nyingi za chama hazisomwi na mwanachama mwenyewe. Mjukuu ndiye anayeisoma, amekaa kwenye kigoda, babu yake amejilaza kwenye mkeka barazani. Mambo huenda hivi:

"Babu, barua ya chama imekuja."

"Haya, soma, mjukuu wangu."

"Ndugu wanachama, kwa heshima na taadhima, kamati ya uongozi ya chama chetu inapenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Ruka hapo."

"Aidha, kama mnavyofahamu, kikao cha kamati kilichoketi siku ya Jumatatu..."

"Ruka. Wamesema ghala linafungwa lini?"

Mtoto anapekua. Ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Kuna shukrani kwa wageni waliofika, kuna historia ya chama, kuna nasaha juu ya umoja. Anafika mwisho ambako pameandikwa "Ushirika ni nguvu, wenu katika ujenzi wa taifa", halafu anasema, "Babu, hawakusema." Walisema. Ilikuwa ukurasa wa tatu, katikati ya sentensi yenye mistari sita, na mtoto wa darasa la tano hakuitambua alipoipita.

Nenda kaketi kwenye baraza kama hiyo mara moja kabla hujagusa kalamu. Usisaidie na usieleze. Kila babu anaposema "ruka", wewe weka alama kwenye nakala yako. Ukiondoka hapo utakuwa na barua iliyokwisha kuhaririwa na mtu mwenye haki zote za kuihariri.

Nani yuko shambani saa hizi

Barua ya wiki ina msomaji mwingine, na huyu hana hata baraza. Ni mama aliye shambani mwezi wa Juni. Ufuta haumsubiri mtu. Vitumba vya chini vikianza kugeuka njano, shina hukatwa, hufungwa miganda na kusimamishwa ili ikauke. Ikishakauka, vitumba hupasuka midomo, na hapo kila upepo ni hasara. Mganda hubebwa kwa uangalifu, hupinduliwa juu ya turubai na kukung'utwa, na mbegu zinamiminika. Ukichelewa, mbegu zinamwagika ardhini na kuwa chakula cha ndege. Mama huyu ana simu ndogo ya batani ndani ya mkoba uliotundikwa mtini. Akiisikia inalia, atafuta mikono kwenye kanga, ataitazama kwa nusu dakika, ataisoma mistari miwili, kisha ataurudia ufuta wake. Hiyo nusu dakika ndiyo nafasi yako yote. Ukiitumia kumweleza kwamba kamati "ilijadili kwa kina suala zima", umemnyang'anya wakati wa kazi na hujampa kitu.

Na mzee barazani, hata kama anasoma mwenyewe, anasoma kwa namna yake. Wengi wa umri wake walijifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata watu waliokuwa na majembe mchana wakaenda na ubao na chaki jioni. Msomaji wa namna hiyo haperuzi. Haruki aya kwa jicho kama karani wa ofisini. Anaanza neno la kwanza, anakwenda la pili, na anayaheshimu yote kwa sababu aliyapata kwa jasho. Ukimpa kurasa nne, utakuwa umemwomba kazi ya asubuhi nzima, naye ataifanya kwa heshima mpaka macho yachoke. Hataifikia tarehe. Ndiyo maana nasema kwa dhati kwamba barua ndefu ni utovu wa adabu kwa wazee, hata ikijaa shikamoo kutoka juu hadi chini.

Swali la kuchinjia

Sasa chukua barua ya wiki iliyopita na kalamu nyekundu. Kwa kila habari iliyomo uliza swali moja tu: mwanachama asipoijua hii, atapoteza nini, na siku gani?

Asipojua siku ghala linapofungwa, atapoteza mnada wa wiki hii. Mzigo wake utalala hadi mnada mwingine, na bei ya mnada mwingine hakuna aijuaye. Hiyo ikae juu kabisa. Asipojua mnada uko wapi, atakwenda kijiji kilekile cha wiki jana na kukuta uwanja mtupu, kwa sababu mnada unaweza kuitishwa kijiji kingine. Hiyo ifuate. Asipojua kwamba jina lake kwenye akaunti ya benki halifanani na lile lililo kwenye daftari la chama, fedha zake zitarudi zilikotoka na atazifuatilia wiki nyingi. Hiyo nayo ni ya juu. Asipojua kwamba wageni kutoka wilayani walifurahishwa na mapokezi, hatapoteza kitu. Hiyo inaondoka.

Utagundua haraka kwamba habari zinazobaki ni tatu, pengine nne. Wiki yenye habari muhimu kumi haijawahi kuwako katika chama cha msingi chochote. Ukiona umebakiza kumi, kuna saba zinazokaa pale kwa sababu aliyezileta ni mkubwa.

Kuna habari moja isiyongoja barua ya wiki hata siku moja, nayo ni msiba. Mwanachama akifariki Jumanne na barua inatoka Ijumaa, mazishi yamekwisha. Taarifa ya msiba itoke peke yake saa ileile: jina, mtaa, saa ya mazishi na mahali. Usiichanganye na ufuta. Katika barua ya wiki utaitaja kwa mstari mmoja wa pole, na mstari huo usiufute kamwe.

Salamu nazo usizimalize zote. Kuna makatibu vijana waliorudi kutoka kozi mjini wakiwa na shauku ya ufupi, wakaandika barua inayoanza moja kwa moja na neno "Mzigo". Wazee waliona wamefokewa. Mwambao na bara yake yote watu husalimiana kwanza, na barua ni mtu anayebisha hodi. Weka mstari mmoja: "Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa wote." Mstari huo unatosha. Mungu hushukuriwa hata moyoni, na afya ya kamati itajulikana kwa kuwaona wakitembea.

Barua yenyewe, mezani

Tuchukue mfano nilioutunga kwa kuunganisha mitindo niliyoizoea katika barua za namna hii. Aya ya kwanza inasomeka hivi:

"Ndugu wanachama, kwa heshima na taadhima, kamati ya uongozi ya chama chetu inapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwasalimu nyote na kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hadi kuufikia msimu huu mwingine wa ufuta. Aidha, kama mnavyofahamu, kikao cha kamati kilichoketi siku ya Jumatatu chini ya mwenyekiti, pamoja na mambo mengine, kilijadili kwa kina suala zima la upokeaji wa mazao ghalani na kuazimia kwamba, ili kuendana na ratiba iliyotolewa, upokeaji utafungwa siku mbili tatu kabla ya mnada, ambao unatarajiwa kufanyika mwishoni mwa wiki, hivyo wanachama wote mnaombwa kuzingatia muda bila kukosa. Vilevile mnakumbushwa kuhakikisha taarifa zenu za kibenki ziko sawa ili kuepusha usumbufu usio wa lazima."

Hayo ni maneno 105. Yasome tena uitafute tarehe. Haimo. Saa haimo. Mahali hapamo. Kuna "siku mbili tatu", kuna "mwishoni mwa wiki", kuna "kuzingatia muda" ambao haukutajwa. Hapo ndipo penye ubaya mkubwa wa barua ndefu. Urefu humfanya mwandishi ajione amesema, kumbe amepiga kelele tu, na hata yeye haoni kwamba tarehe imesahaulika. Ukiikata barua utalazimika kuzikabili tarehe, na mara nyingi utagundua kwamba kamati yenyewe haijazipanga. Rudi kwenye kamati ukazidai kabla ya kuandika lolote.

Baada ya kuzipata, barua inakuwa hivi:

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa wote.

Ufuta: ghala linafungwa Jumatano 18 Juni, saa 10 jioni. Mzigo utakaofika baada ya hapo utasubiri mnada mwingine.

Mnada: Jumamosi 21 Juni, saa 3 asubuhi, Likawage.

Benki: jina kwenye akaunti liwe lile lile lililo kwenye daftari la chama. Kama yanatofautiana, njoo ofisini kabla ya Jumatano.

Maneno 51, chini ya nusu, na yamebeba habari nyingi kuliko yale 105. Tazama jinsi kila habari ilivyoanza na neno moja linalotaja jambo lenyewe: ufuta, mnada, benki. Mjukuu akiambiwa "tafuta mnada" ataupata kwa kidole. Tazama pia kwamba tishio limetajwa waziwazi: mzigo utasubiri. Mtu huharakisha akijua kitakachompata akichelewa. "Mnaombwa kuzingatia" haijawahi kumwamsha mtu usingizini.

Siku ya wiki na tarehe viende pamoja daima. Ukiandika "Jumatano" peke yake na barua ikachelewa kumfikia mtu, atangoja Jumatano isiyo yake. Ukiandika "18 Juni" peke yake, mzee asiye na kalenda ukutani atauliza, na aliye karibu naye anaweza kumjibu vibaya. Vikiwa viwili, kimoja kinakisahihisha kingine.

Saa nayo ina mtego wake, na huu umewapoteza watu wengi. Ratiba zinazotoka ofisi za juu mara nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, mfano 9:00 au 15:00. Katibu mwenye haraka huinakili 9:00 na kuandika "saa 9:00". Babu anasoma saa tisa, naye anajua saa tisa ni alasiri. Anafika saa tisa alasiri wakati mnada umekwisha, kwa sababu mwandishi alikusudia saa tatu asubuhi. Basi kila saa unayoinakili ipitishe kwanza kichwani mwako, uigeuze, na uiambatanishe na asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Nukta mbili na sifuri zake ziachie saa ya ukutani.

Makato hayakatwi

Hapa nitasimama kwa muda, maana ndipo ufupi unapoweza kugeuka kuwa uovu.

Ufuta wa Kilwa huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anakabidhi mzigo kwa chama chake cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, na unauzwa mnadani chini ya chama kikuu, ambacho kwa Kilwa, Lindi na Mtama ni Lindi Mwambao. Miaka ya karibuni zabuni za wanunuzi zimekuwa zikipitia mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima huziona bei na kuamua kama wanauza au wanakataa. Baada ya hapo fedha huingia benki, zikiwa zimeondolewa makato: ushuru, gharama za ghala, za usafirishaji, za vyama.

Sasa katibu mwenye kisu kikali anaweza kusema, "Makato ni mlolongo mrefu, wazee hawaelewi, tuyaondoe kwenye barua." Hapana. Usithubutu. Mwanachama aliyesikia bei kubwa ikitangazwa uwanjani, kisha akakuta benki kiasi kidogo kuliko alivyohesabu, ataamini ameibiwa, na wewe hutakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Uvumi mwingi wa kwenye vyama vya msingi huzaliwa katika pengo hilo kati ya bei iliyosikika na fedha zilizoingia.

Dawa yake ni namba tatu katika mstari mmoja, zifuatane jinsi fedha zinavyosafiri. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya mnada ni shilingi 2,900 kwa kilo na makato yote pamoja ni shilingi 200. Andika: "Bei ya mnada 2,900. Makato 200. Unapokea 2,700 kwa kilo." Kisha ongeza mfano wa mtu mmoja: "Mwenye kilo 85 atapokea shilingi 229,500." Mzee mwenye kilo 85 ameshajua. Mwenye 170 atazidisha mara mbili bila kalamu. Mchanganuo wa yale makato, moja moja na jina lake, ubandike kwenye ubao wa ofisi ukiwa kamili, na barua iseme mstari huu: "Mchanganuo wote uko ubaoni, na katibu atakusomea ukitaka." Hapo umefupisha bila kuficha. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kama mwanachama anaweza kukifikia ulichokiondoa. Kama hawezi, hukufupisha barua, umemzibia mlango.

Kwa hiyo hakuna kinachotupwa. Muhtasari wa kikao, hotuba ya mwenyekiti, shukrani kwa wageni, vyote vikae kwenye faili na ubaoni. Hapa ndipo utakapomtuliza mwenyekiti pia, maana atakuja, na atakuja na sura. Mwambie hotuba yake haikufutwa. Imepewa ubao wake yenyewe, kwa maandishi yanayosomeka, badala ya kubanwa ukurasa wa tatu ambako hakuna aliyefika. Kisha mwombe akutajie mwanachama mmoja aliyewahi kumnukulia maneno ya barua ya wiki. Mpe muda afikiri.

Simu ya batani na alama ya hatari

Barua ikishakuwa fupi, itengenezee mdogo wake wa kwenda kwenye simu za batani, yaani ujumbe mfupi wa maneno. Hapa kuna hesabu ambayo kila katibu anapaswa kuijua, kwa sababu chama ndicho kinacholipa.

Ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukizidi hapo, mtandao unaukata vipande vya herufi 153 kila kimoja na kila kipande kinalipiwa. Huu hapa ujumbe wa barua yetu:

```
UFUTA: Mwisho wa kupokea mzigo ghalani Jumatano 18 Juni saa 10 jioni. Mnada Jumamosi 21 Juni saa 3 asubuhi, Likawage. Njoo na namba ya akaunti ya benki.
```

Ni herufi 152. Umeenea, na umebakiza nafasi ya kupumua.

Lakini angalia. Hizo 160 ni kwa herufi za kawaida tu. Ukitia alama moja isiyokuwamo kwenye orodha ya kawaida ya simu, ujumbe wote unabadilishwa mfumo, na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ukizidi 70, vipande vinakuwa vya 67. Ujumbe uleule wa herufi 152 unageuka kuwa vipande vitatu, na bili mara tatu, kwa wanachama wote. Ua dogo la kupendezesha linatosha kuleta hasara hiyo. Kikaragosi kinachocheka kinatosha.

Na mhalifu mkubwa kuliko maua ni mkato wa juu kwenye maneno yetu wenyewe: kung'uta, ng'ombe, kung'oa. Mkato ulionyooka, huu ', unakubalika bila shida. Lakini kompyuta nyingi, na simu nyingi za kisasa, huugeuza zenyewe ukawa umepinda, huu ’, na huo haumo kwenye orodha. Katibu anaandika ujumbe kwenye kompyuta ya ofisi, anaunakili, anautuma, na neno "kung’uta" peke yake limeumeza mfuko wa chama. Kabla ya kutuma, pitia kila mkato wa juu, ufute na uupige upya kwenye simu yenyewe, au chagua neno jingine. Alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu vina tabia hiyohiyo. Ukiona sehemu ya kuandikia inaonyesha hesabu ya vipande imeruka ghafla kutoka "1" hadi "3", kuna mhalifu ndani. Futa neno baada ya neno mpaka hesabu irudi.

Wenye simu za kisasa na walio kwenye kundi la WhatsApp wapelekee ujumbe uleule kama maandishi. Usiwapelekee picha ya barua iliyopigwa mihuri. Picha inakula bando, na mzee akiikuza inamkimbia huku na kule kwenye kioo. Ujumbe mrefu nao WhatsApp huukata na kuficha uliobaki mpaka mtu abonyeze, na asiyejua kubonyeza ataamini umekwisha. Sababu nyingine ya kuweka tarehe mstari wa kwanza.

Karatasi ya mlangoni

Nakala ya karatasi bado ina kazi yake: mlangoni mwa ofisi, dukani, kwenye mashine ya kusaga, na kwa imamu ikiwa ataridhia kulisema neno moja baada ya sala ya Ijumaa. Huyo mpe mistari miwili tu, kwa sababu watu wameshaanza kutafuta kandambili zao.

Karatasi iwe ya herufi kubwa kwa umbo, ukubwa wa 16 au zaidi. Mtu akipita miaka arobaini, lenzi ya ndani ya jicho huanza kupoteza wepesi wa kujikunja ili kuona karibu, na ndiyo maana baba zetu hunyoosha mkono kuisoma karatasi mpaka mkono unaisha. Miwani ya kusomea ndiyo tiba, lakini si kila nyumba inayo. Usiandike barua nzima kwa HERUFI KUBWA TUPU ukidhani unawasaidia. Maneno yakiwa hivyo hupoteza maumbo yake ya kupanda na kushuka, yote yanakuwa matofali yaliyopangwa, na msomaji wa polepole anapotea. Herufi kubwa ziwe kwenye neno la kwanza la kila habari, basi. Wino uwe mweusi. Mashine ikianza kutoa kijivu, usibandike, nenda kanunue wino kwanza.

Jaribio lake ni hili. Mpe mzee mmoja asiye na miwani karatasi hiyo kivulini, umwombe aisome kwa sauti. Akisita mahali, sentensi ile ni ndefu au ina neno la ofisini. Ibadilishe palepale mbele yake na umwombe tena.

Siku mbili baada ya kuituma, uliza watu watatu unaokutana nao njiani, wa rika tofauti: ghala linafungwa lini, na mnada uko wapi? Usiulize kama wamesoma, maana kila mtu atasema amesoma. Wakijibu wote sawa, barua imefika. Wakikosea kwa namna moja, kosa ni lako, na jibu lao litakuonyesha sentensi iliyowapoteza. Weka pia daftari dogo karibu na simu ya ofisi, na kila swali linalopigiwa liandike. Swali lililokuja mara nyingi kuliko mengine ndilo litakalokuwa mstari wa kwanza wiki ijayo, hata kama kamati inaona ni dogo.

Na siku mnada ukiahirishwa, jambo ambalo hutokea, usitume neno la kusahihisha lenye kusema tu "ratiba imebadilika". Tuma ujumbe mzima upya, uanze na neno BADILIKO, utaje tarehe ya zamani na kusema imefutwa, kisha utaje mpya pamoja na siku yake. Karatasi za zamani zibandue kwa mkono wako kila ulipozibandika, kuanzia ile ya mashine ya kusaga, kwa sababu hiyo ndiyo inayosomwa na watu wengi zaidi.